Ufunguo wa Chumba cha Uani

Wiki tatu zilizopita vijana wa msikiti wetu hapa Tandika walinijia na karatasi nne zilizopigwa chapa. Wanataka kurekodi filamu fupi ya dakika 12 kuhusu kijana aliyeacha unga, wairushe kwenye simu za watu, na kwa kuwa nimefundisha Kiswahili miaka mingi wakaniomba niwanyooshee lugha. Lugha ilikuwa safi. Nilipofika karatasi ya nne ndipo nilipoweka kalamu chini. Kijana analetwa kwa shehe akiwa hajiwezi, anafungiwa ndani siku kumi, anasomewa, na siku ya kumi na moja anatoka na kanzu nyeupe, mama yake analia kwa furaha. Filamu imekwisha.

Hiyo siku ya kumi na moja naijua. Ilifika nyumbani kwetu mwaka 2011, na ufunguo wa chumba nilikuwa nao mimi, nimeufunga kwenye pindo la khanga.

Aliyekuwa ndani ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Alianza na kokteli, yaani unga uliochanganywa na bangi kwenye msokoto mmoja, akiwa kijana wa kijiweni ambaye hakuna aliyemshuku. Miaka minne baadaye alikuwa anajidunga. Sitaeleza vitu vilivyopotea nyumbani. Kila nyumba yenye teja inaijua orodha hiyo, huanza na simu na kuishia na sufuria. Nitakachosema ni kwamba kufungiwa alikuomba mwenyewe. Alikuja usiku akakaa kizingitini, akamwambia mama, "Nifungieni. Nikilia msinifungulie."

Tukamfungia chumba cha uani. Shehe akaja na wanafunzi wawili, kikaanza kisomo, likaandikwa na kombe kwa zafarani. Saa nane hivi baada ya kete yake ya mwisho akaanza kupiga miayo mfululizo, machozi na makamasi yakimtoka kama mtu mwenye mafua. Kufikia usiku ngozi ilimsimama vipele vya baridi, na nje kulikuwa na joto la Dar es Salaam la mwezi wa pili. Siku ya pili na ya tatu ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote. Alitapika, akaharisha, akajikunja akipiga miguu ukutani, akaniita kupitia tundu la dirisha: "Dada, mifupa inatafunwa." Hiyo ndiyo arosto. Mimi nilikaa nje ya mlango nikashika ufunguo na sikufungua, nikiamini kwamba kila mlio ni ugonjwa unaotoka.

Kosa letu la kwanza lilikuwa hapo, na halikuwa kusoma dua. Dua zilimshika, anasema mpaka leo kwamba sauti za wale wanafunzi wawili nje ya mlango ndizo zilizomfanya asivunje dirisha. Kosa lilikuwa kudhani kuwa arosto ndiyo maradhi yenyewe. Arosto ya unga huanza ndani ya nusu siku tangu kete ya mwisho, hupanda siku ya pili na ya tatu, na ndani ya wiki moja huwa imeshuka hata mtu asiposomewa wala kupewa dawa yoyote. Inatisha, lakini kwa kijana mwenye afya haiui mara nyingi, isipokuwa pale anapotapika na kuharisha mpaka maji yakamwishia mwilini. Na sisi maji tulimpa kidogo, kwa sababu kila alichokunywa alikirudisha. Hakuna aliyetuambia tumpe maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko. Alitoka hai kwa rehema za Mungu. Maarifa yetu hayakumsaidia.

Siku ya kumi na moja tulipika pilau. Alikuwa amekonda, amenyolewa, macho meupe. Shehe alimshika mkono akamwingiza msikitini, watu wakatoa takbiri. Mama alilala usiku huo bila kuficha pochi chini ya godoro.

Siku kumi na sita baadaye mtoto wa jirani alikuja mbio kusema kaka amelala kwenye pagale nyuma ya soko na hataki kuamka. Nilimkuta amekaa ameegemea ukuta, kidevu kifuani, midomo imegeuka rangi ya zambarau, anakoroma kwa mkoromo mzito kama wa mtu anayezama. Kati ya pumzi moja na nyingine niliweza kuhesabu mpaka kumi. Mboni za macho zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Watu walikuwa wameshajaa. Mmoja analeta maziwa ya kumnywesha, mwingine anammwagia maji, mwingine anasema ameshalewa tu mwacheni alale. Yale maziwa nusura yamuue, maana mtu asiyejitambua hamezi, kinachomiminwa kinywani huingia mapafuni. Tulimpakia kwenye bajaji. Hospitali walimsaidia kupumua, wakamchoma sindano ya naloksoni, na ndani ya dakika chache akafumbua macho, akakaa, akatapika.

Daktari wa zamu aliniuliza swali moja: "Alikuwa ameacha kwa muda gani?" Nikamwambia, kwa fahari hata katika hali ile, kwamba alikaa karibu mwezi mzima bila kugusa. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa akilitegemea jibu hilo. Akanieleza taratibu kwamba mwili wa mtu anayetumia unga kila siku huuzoea, na kiasi anachojidunga yeye kingemuua mtu mwingine. Akikaa wiki mbili tatu bila kutumia, ule uzoefu unaondoka, lakini mkono wake unakumbuka kipimo kilekile cha zamani. Anaponaswa tena na tamaa, anajidunga kipimo cha jana katika mwili wa leo, na pumzi inasimama. Ndiyo maana, alisema, wengi wanaoletwa hivi ni waliotoka mahabusu, waliorudi kutoka kwa bibi kijijini, na waliofungiwa na familia. Akasema pia tusiondoke naye mara moja, maana naloksoni huisha nguvu mapema na unga unaweza kubaki mwilini ukamlaza tena. Nililala benchi la hospitali usiku ule nikimhesabia pumzi.

Hili ndilo lililonifanya niweke kalamu chini nilipoisoma ile karatasi ya nne. Ile kanzu nyeupe tunayoiona kama mwisho wa hadithi ndiyo siku ambayo mtu yuko karibu zaidi na kaburi. Tulimtoa chumbani akiwa mwepesi kwa unga kama mtoto, tukampigia takbiri, tukamwacha arudi mtaa uleule, na kijiwe kilekile kiko mita 200 kutoka mlango wa msikiti.

Niseme na la pombe, maana vijana wa filamu waliniuliza kama wanaweza kubadilisha unga kuwa gongo ili hadithi iwahusu wengi. Jirani yetu, mzee Mkristo aliyekunywa kila siku kwa zaidi ya miaka 20, alipelekwa kwenye maombi ya kufunga na kukesha. Siku ya tatu alianguka kwa degedege, kisha akaanza kutetemeka na kuona wadudu ukutani, na waliokuwepo wakasema ni pepo anaondoka. Mwanawe muuguzi ndiye aliyemkimbiza hospitali. Kwa mlevi wa muda mrefu, kuacha kwa ghafla ni hatari zaidi kuliko arosto ya unga. Degedege na kuchanganyikiwa huja ndani ya siku chache za kwanza na huweza kuua. Mtu wa namna hiyo aanze na daktari, na wanaomwombea wamwombee akiwa wodini.

Narudi kwa mdogo wangu. Baada ya tukio la pagale alikuja nyumbani kijana mmoja wa shirika linalowafuata mateja vijiweni, naye mwenyewe alikuwa ametumia. Hakuhubiri. Alikaa uani na mdogo wangu akamweleza kwamba tangu Februari mwaka ule Hospitali ya Taifa ya Muhimbili imefungua kliniki ya methadoni, ya kwanza nchini, dawa hailipiwi, na wanaanza na wale wanaojidunga. Ilichukua wiki kadhaa za vikao na vipimo kabla hajapewa tone la kwanza. Walitaka awe na ndugu wa kumsindikiza, na nilikuwa mimi.

Methadoni ni dawa ya majimaji, hunywewa kwenye kikombe kidogo mbele ya muuguzi, kisha unakunywa maji na kusema neno ili aone umemeza. Inakaa ubongoni mahali palepale unga ulipokuwa unakaa, ila inaingia polepole na kutoka polepole, kwa hiyo dozi moja inamtuliza mtu kutwa nzima bila kumrusha juu wala kumwangusha kwenye arosto. Siku ya kwanza hupewa kidogo, haizidi miligramu 30, na hupandishwa kwa tahadhari siku hadi siku, kwa sababu dawa hii hujilimbikiza mwilini na mwenye haraka huweza kulala asiamke. Kwa wengi kipimo kinachokaa sawa ni kati ya miligramu 60 na 120. Wiki mbili za kwanza, kwa hiyo, dozi bado haimtoshi. Mdogo wangu alitumia unga mara mbili katika kipindi kile na alirudi kliniki akijua watamfukuza. Hawakumfukuza. Walimuuliza, wakamweleza hatari ya kuchanganya, wakaendelea kupandisha dozi. Mimi nyumbani ndiye niliyemfokea.

Kikwazo kilikuwa msikitini. Wazee walisema huu ni unga wa serikali, ametoka ulevi mmoja ameingia mwingine. Shehe naye alikuwa na shaka, lakini alifanya jambo ambalo sijaona wengi wakilifanya: aliomba kwenda kuona. Tulipanda daladala wote watatu alfajiri. Alikaa kwenye benchi la kliniki tangu saa moja mpaka saa nne, akawatazama watu wakija, wakinywa, wakiondoka kwenda kazini. Akamuuliza daktari kama kuna anayelewa. Daktari akamjibu kwamba mwenye kisukari huchoma insulini kila siku na hatumwiti mraibu wa insulini, na kwamba aangalie mtu amekuwaje, asiangalie kikombe. Njiani kurudi shehe hakusema kitu mpaka tulipofika Tazara. Akaniambia, "Mwalimu, tulimwombea apone, kisha tukataka kumchagulia Mungu njia ya kumponya."

Ijumaa ile alilizungumza mimbarini. Baada ya hapo mambo yalikuwa ya kawaida sana, na ninayakumbuka yote. Kliniki ilitaka aende kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo, na nauli ya daladala mbili kwenda na mbili kurudi ilikuwa inatushinda. Kikoba cha mama kilitenga fedha ya nauli yake kwa mwezi, na hakukabidhiwa mkononi. Kila asubuhi mwanachama mmoja alimpandisha daladala na kumlipia. Shehe alimpa kazi ya kujaza matangi ya maji ya udhu, mara tano kwa siku, kwa malipo madogo. Nilidhani ni sadaka tu. Baadaye nilielewa kwamba mtu anayekula unga ana ratiba iliyojaa: kutafuta fedha, kutafuta mwenye kete, kujificha, kulala, kuanza tena. Dawa ikishaondoa arosto, zile saa zote zinabaki tupu, na kijiwe kinazijua saa tupu. Matangi yale yalizijaza. Kliniki isingeweza kumpa hilo, kama sisi tusivyoweza kumpa methadoni.

Ramadhani ilipofika likazuka swali la kunywa dawa mchana. Yeye aliamua kimyakimya kuruka siku ili afunge, na hakuna aliyejua mpaka alipokosa siku mbili. Mwenye kukosa dozi siku tatu mfululizo au zaidi harudishiwi kipimo chake kamili hivi hivi, kwa sababu ileile aliyonieleza daktari wa zamu: mwili unasahau upesi. Shehe alimkumbusha kwamba mgonjwa ana ruhusa katika dini na kwamba kujidhuru si ibada, akampeleka mwenyewe kliniki kuuliza. Walikubaliana mwaka ule anywe asubuhi, na siku alizokula atoe fidia kwa kulisha masikini, kikoba kikamsaidia.

Halafu ikaja ile iliyonifundisha kuliko zote. Mwaka 2013 alianza kukohoa, akapimwa, akakutwa na kifua kikuu. Alianza vidonge, mkojo ukawa rangi ya machungwa, tukaambiwa ni kawaida. Wiki ya pili nikamwona anapiga miayo. Usiku nikasikia anageuka geuka. Asubuhi makamasi, vipele vya baridi, jasho. Nilikuwa nimekaa nje ya mlango ule siku kumi. Sikuhitaji kuambiwa ninachokiona. Nikajua amerudi kwenye unga na sasa amekosa fedha. Akaapa kwamba hajagusa. Mama akalia. Mzee mmoja wa msikiti akasema wanyonge wa imani ndivyo walivyo. Kikoba kikasimamisha nauli.

Alikwenda kwa miguu, kutoka Tandika mpaka Muhimbili, na kifua kile. Muuguzi alimpima mkojo na hakukuwa na unga. Daktari akamuuliza ni vidonge gani vingine anakunywa. Ndani ya dawa za kifua kikuu kuna rifampisini, na rifampisini hulifanya ini liivunje methadoni haraka kuliko kawaida, kwa hiyo dozi iliyokuwa ikimtosha kutwa nzima ilikuwa inaisha kabla ya usiku. Alikuwa na arosto ya kweli bila kutumia chochote. Walimpandishia dozi hatua kwa hatua mpaka akatulia. Na miezi sita baadaye, alipomaliza vidonge vya kifua kikuu, walimshusha tena polepole, kwani ini likirudi hali yake ile dozi kubwa ingeanza kumzidi.

Nilimwomba radhi uani, mbele ya mlango ule. Nilikuwa nimemsindikiza miaka miwili, nimejua dalili zote, na bado nilimhukumu kwa dalili. Imani yangu haikunionyesha kilichokuwa ndani ya damu yake, na mapenzi yangu pia. Alihitaji mtu aliyesomea kazi hiyo, mwenye kipimo mkononi, asiye na machungu ya sufuria zilizoibwa.

Kwa hiyo hii ndiyo filamu niliyowarudishia vijana. Shehe yumo, mama yumo, dua zimo, sikufuta hata moja. Kisomo nimekihamisha kikawa uani, mlango uko wazi, na pembeni kuna jagi la maji ya chumvi na sukari. Ile siku ya kumi na moja imekuwa katikati ya hadithi. Nimeongeza tukio la pagale, ambapo dada anamlaza kaka ubavu, hamnyweshi chochote, anamfuatilia pumzi huku mwingine akitafuta usafiri. Na nimeongeza benchi la kliniki, na shehe amekaa juu yake.

Mwishoni, badala ya maneno ya shukrani, zitatokea namba za kupiga simu: 119, namba isiyolipiwa ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ambapo mtu huelekezwa kliniki iliyo karibu naye, maana siku hizi methadoni haiko Dar es Salaam peke yake, iko Mbeya, Mwanza, Dodoma, Tanga, na Unguja iko Kidongo Chekundu. Kwa kuwa video husafiri na tuna ndugu Mombasa, tumeweka pia 1192 ya NACADA kwa walioko Kenya. Mmoja wa vijana alitaka tuweke na namba ya nyumba ya upataji nafuu anayoifahamu. Nimemwambia aende kwanza akaulize mambo matatu: nani anamwona mtu akiwa kwenye arosto, je, wanaokunywa methadoni wanapokewa, na je, mtu akitaka kuondoka anafunguliwa mlango. Akirudi na majibu tutaamua.

Mdogo wangu aliisoma jana jioni, akiwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kando ya matangi. Sasa ni fundi wa mabomba, ana watoto wawili, na bado anakunywa dozi yake, ndogo kuliko ya zamani. Aliomba badiliko moja. Mahali nilipoandika kwamba kijana "alipona" amepiga mstari, akaandika pembeni kwa penseli: "alikwenda tena kesho yake."

Tunarekodi Jumamosi. Vijana walipanga kuanza saa moja asubuhi kuna mwanga mzuri, ila tumesogeza mpaka saa nne, kwa sababu yeye ndiye atakayemwonyesha mwigizaji jinsi kikombe kinavyoshikwa, na kabla ya hapo atakuwa kliniki.